Tairi Lililojazwa Maganda ya Migomba

Nosim wa Engutoto alikuwa mshonaji wa ngozi, na kila ngozi aliyoletewa aliigeuza kwanza upande wa ndani. Upande wa manyoya, alisema, ni wa kujionyesha. Ukitaka kujua mnyama aliishije, miiba ilimchoma wapi na kupe walimla wapi, tazama upande uliokuwa umelala juu ya nyama. Hata vitu visivyokuwa ngozi alivigeuza hivyo hivyo. Alipopewa kofia na mwinjilisti aichungulie, aliitia mkono mpaka kwenye kilele kabla ya kusema kwamba ni nzuri. Majirani walimcheka kwa tabia hiyo, naye hakuona cha kuchekesha.

Mumewe alikuwa amekufa miaka ya nyuma, kabla Wajerumani hawajamaliza kujenga boma lao pale Arusha. Tangu hapo aliishi kwa mikono yake. Aliwashonea mabibi harusi mavazi yao ya ngozi, na walowezi walipoanza kulima kahawa chini ya Mlima Meru aliwashonea mikanda ya ng'ombe wa kukokota. Binti yake mmoja tu, Nasieku, alikuwa yaya kwenye shamba la Bwana Reimers, ng'ambo ya mto Themi, akimlea mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno.

Kwa hiyo mjumbe wa shamba alipokuja Jumanne asubuhi kumwambia kwamba Bwana anamtaka na vifaa vyake vya kushonea, Nosim alidhani ni mikanda. Akabeba msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akabeba kano za ng'ombe zilizosokotwa, kipande cha ngozi ngumu na kisu, akavuka mto.

Nasieku alimpokea uani, mtoto mgongoni.

"Takwenya, yeyo," alisalimu, akainamisha kichwa.

"Iko," mama akamjibu, akimgusa utosini. "Nani kakata mkanda?"

"Hakuna mkanda. Ni motokaa. Imechomwa na msumari."

"Motokaa inachomwa?"

"Ijumaa tunasafiri nayo mpaka Moshi," Nasieku alisema, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Bibi anakwenda Tanga kwa treni, apande meli ya Ulaya. Mimi nitampakata mtoto mpaka stesheni. Nitakaa nyuma, upande huu wa kushoto. Bibi ameshanionyesha kiti changu."

Motokaa ilikuwa imesimama mbele ya ghala la kahawa, kona yake ya nyuma ya kushoto imeegemezwa juu ya magogo. Kando yake alichuchumaa Thomasi Sumari, Mmeru wa Akeri, kijana wa Kilutheri mwenye shingo ndefu. Zamani aliongoza ng'ombe wa kukokota wa shamba hilo hilo. Bwana alipoletewa motokaa alimpeleka Tanga kwa fundi mmoja Mgoa, naye akarudi dereva. Watoto wa njiani walimjua kwa jina, na wazee waliokuwa wakimtuma maji sasa walimpisha njia.

"Shikamoo, Mama Nasieku."

"Marahaba. Nasikia mnyama wako anaumwa."

"Alikuwa anaumwa. Mimi nimemleta nyumbani akitembea kwa miguu yake," Thomasi alisema, na hakuficha kwamba alitaka kuulizwa zaidi.

Nosim akauliza. Alikuwa mtu wa kuuliza.

Jana yake, Thomasi alieleza, alikuwa akirudi kutoka Moshi peke yake. Alipofika Kikatiti, mbele ya duka jipya ambako watu walikuwa wakifungua masanduku ya bidhaa, gurudumu la nyuma likakanyaga msumari. Hewa ikatoka. Akasimama palepale, akalibandua tairi, akautoa mpira wa ndani. Tundu lilikuwa dogo. Alikuwa na viraka, lakini kopo la gundi alipolifungua alikuta imekauka, imekuwa kama jiwe. Mpira mwingine wa ndani hakuwa nao. Kutoka Kikatiti mpaka shamba ni safari ya nusu siku kwa miguu, na Bwana alikuwa anaingoja motokaa.

"Basi nikatazama pembeni," alisema, "nikaona shamba la migomba. Nikaomba maganda makavu. Nikayasokota kama kamba, nikayashindilia ndani ya tairi mpaka likawa gumu, nikalifunga, nikapanda, nikaja. Polepole, lakini nilikuja. Pale Usa watu walisimama kutazama gurudumu linalodondosha migomba."

Nosim alicheka mpaka akakaa chini. "Ninyi Wameru. Nyumba mnafunga kwa mgomba, ndizi mnafunga kwa mgomba, hata maiti mngeifunga kwa mgomba. Sasa na motokaa."

"Na ninyi Waarusha mngeivika ngozi ya ng'ombe."

"Si ndiyo nimeitiwa?"

Ndicho alichoitiwa. Bwana Reimers alikuwa ameona kwenye kitabu cha wauza motokaa picha ya mkoba wa ngozi unaofungwa kwa kamba kulizunguka tairi mahali lilipotobolewa. Alitaka ushonwe wa namna hiyo, kwa usalama wa safari ya Ijumaa. Tairi la akiba lilikuwa limeagizwa Tanga na halijafika.

Thomasi hakuupenda sana ule mkoba. Alisema kwa tundu la msumari mmoja hauhitajiki. Akamwonyesha Nosim msumari wenyewe, mwembamba, urefu wa kidole cha shahada. Akamwonyesha ulipoingia: katikati kabisa ya uso wa tairi, ule unaokanyaga barabara, ukaingia wima.

"Hapa ndipo penye mpira mnene," alisema. "Mgoa alinifundisha. Msumari mwembamba ukichoma katikati, unaziba. Ukichoma ubavuni, usihangaike, maana ubavu unajikunja na kujikunjua kila gurudumu likizunguka, kiraka hakikai. Na nyuzi za ubavuni zikikatika, hakuna kinachozishika."

"Nyuzi gani?"

"Njoo utazame."

Kwanza alimaliza mpira wa ndani. Alikuwa ameutia ndani ya pipa la maji, viputo vimemwonyesha tundu. Sasa aliukausha, akapakwaruza mahali pale kwa karatasi ya msasa, akapaka gundi mpya kutoka stoo ya Bwana, akangoja. Nosim alitaka kujua anangoja nini. Anangoja gundi iache kuwa maji, alijibu. Ukiweka kiraka ingali mbichi, kinateleza. Alipoigusa kwa ukucha ikamshika, akabandika kiraka na kukigonga kwa mpini wa nyundo.

Kisha akalichukua tairi lenyewe, akalipanua midomo kwa mikono miwili ili mwanga uingie. Ndani halikuwa jeusi kama nje. Lilikuwa limevikwa turubai, tabaka juu ya tabaka, limefumwa kwa nyuzi za pamba zilizobanwa ndani ya mpira.

"Hii ndiyo inayobeba," Thomasi alisema. "Mpira wa nje unazuia mawe na maji. Mpira wa ndani unashika hewa. Lakini hewa inasukuma kwa nguvu sana, na kinachoizuia isipasuke ni hizi nyuzi."

"Kumbe ngozi yake iko ndani," Nosim alisema taratibu. Akaangalia tundu. Msumari ulikuwa umezisogeza nyuzi pembeni zaidi ya kuzikata. Akachukua msharasi wake. "Basi nikushonee. Mishono sita ya kano, hapa na hapa, midomo ikutane."

Thomasi akamshika mkono. "Hapana, Mama. Hapo utakuwa umepata matundu mengine kumi na mawili. Kila sindano inakata uzi."

Nosim hakukasirika. Alitafakari. "Kama ngozi ya ngoma," akasema baadaye. "Ikiisha kukazwa, haishonwi. Mshono unakuwa njia ya kupasukia."

"Ndiyo hivyo. Hapa tunasafisha, tunajaza tundu kwa mpira laini uliochanganywa na gundi, mchanga na maji visiingie. Maji yakiingia yanaozesha turubai hata kama hewa haitoki. Kisha kwa ndani tunabandika kiraka cha turubai, ili mpira wa ndani usichungulie nje. Basi. Litakwenda mpaka Moshi na kurudi."

Akaanza kazi hiyo. Alikuwa na mikono mizuri. Nosim, kwa kuwa hakupewa cha kufanya, aliuingiza mkono wake ndani ya tairi upande wa pili, mbali na msumari, akaanza kulipapasa pole pole kwa ncha za vidole, macho kayafumba nusu, kama alivyopapasa kila ngozi. Alikwenda akizunguka. Kisha akautoa mkono, akautazama.

Vidole vilikuwa na unga mweusi.

"Thomasi, hiki ni nini?"

"Vumbi la maganda."

"Maganda ni ya kahawia."

Akaurudisha mkono. "Katikati ni laini. Huku ubavuni pana manyoya. Yanazunguka lote, kama njia ya ng'ombe inavyouzunguka mlima. Njoo ushike. Pengine ndivyo lilivyotengenezwa, mimi sijui."

Hakuwa anamtega. Alitaka kujua tu. Thomasi aliweka chini kopo la gundi, akaweka kidole pale alipomwonyesha, na Nosim aliona shingo yake ndefu ikikakamaa. Akalivuta tairi juani. Akalikunja ubavu kuelekea nje, na turubai likafunguka mdomo: nyuzi zilizokatika, zimesimama kama nywele za mtoto, na unga mweusi ukamwagika mapajani mwake pamoja na vipande vya mgomba vilivyosagika kama ugoro.

"Halikutengenezwa hivyo," alisema.

Nyuma yao Nasieku alikuwa akimwimbia mtoto.

"Mgoa aliniambia mambo mawili," Thomasi akasema. "Kabla ya kuziba, tazama ndani. Na tairi lisilo na hewa usiliendeshe, hata hatua za kutoka hapa mpaka ghalani. Nami sikuliendesha tupu. Nililijaza."

"Ulilijaza likawa gumu."

"Likawa gumu. Pale Kikatiti lilikuwa gumu."

Nosim akaokota kipande cha ganda kilichosagika, akakifikicha. Hakuhitaji kuelezwa, mgomba aliujua. Maganda yakikanyagwa hulala, yakisha kulala husagika. Hewa hurudi mahali pake gurudumu likizunguka, maganda hayarudi. Kwa hiyo njia yote kutoka Kikatiti, huku watu wa Usa wakishangilia, tairi lilikuwa limeketi juu ya ubavu wake mwenyewe, likikunjwa kati ya chuma na mawe, likachemka, na nyuzi zikakatika moja baada ya nyingine kwa ndani, mahali ambapo hakuna aliyeona.

"Hili linazibwa na nini?" aliuliza.

"Halizibwi kwa kitu chochote."

"Na mkoba wangu wa ngozi?"

"Mkoba ungeficha. Usingebeba." Akajifuta uso, akajipaka weusi. "Tukilijaza hewa litasimama vizuri. Unaweza kulitazama usijue. Kisha Ijumaa, kwenye mteremko, pamoja na mizigo na watu na joto la jua, ubavu unapasuka kwa mara moja. Gurudumu linakaa chini, motokaa inavutwa upande huo."

"Upande wa kushoto," Nosim alisema. "Nyuma."

Wote wawili walijua nani angekaa pale.

"Utamwambia Bwana," Nosim alisema. Hakuuliza.

"Mama, tulia kidogo nifikiri. Alisema kwa kinywa chake: atakayeharibu tairi atarudi kwenye ng'ombe. Nikimwambia ni msumari, atasema zibeni. Nikimwambia ni migomba, basi ni mimi." Akainua macho. "Huenda la akiba likafika kabla ya Ijumaa. Treni ya Alhamisi inaweza kulileta."

"Na lisipofika?"

"Ndipo nitamwambia."

"Ijumaa." Nosim aliinuka, akakung'uta nguo zake za ngozi. "Treni yao ni Jumamosi. Gari la ng'ombe likiondoka leo mchana, linaiwahi?"

Mtu aliyeongoza ng'ombe njia ile miaka mingi hakuhitaji kupiga hesabu. "Likiondoka leo, linaiwahi kwa shida. Likiondoka kesho, meli itaondoka bila wao."

"Basi ukingoja mpaka Ijumaa, Bwana atakuwa amebaki na motokaa tu. Na mtu aliyebaki na kitu kimoja atakiamini, hata ukimwambiaje. Atasema tundu ni dogo, tupandeni." Sauti yake haikupanda. "Nasieku ni mmoja, Thomasi. Sina wa kuweka akiba."

Thomasi alisimama, akaliinua tairi. Kisha akalitundika begani na kuelekea barazani.

Bwana Reimers alikuwa mtu mwembamba mwenye ndevu za rangi ya majani makavu. Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha kwa shamba. Alisikiliza akiwa amesimama, akainama, akachungulia tundu la msumari.

"Tundu kama punje ya mtama," alisema. "Jana ulisema unaziba."

"Tundu nimeshaliziba, Bwana. Ubavu ndio uliokufa. Niliuua mimi, kwa kuliendesha bila hewa kutoka Kikatiti."

"Ulisema uliweka maganda. Mke wangu amecheka usiku kucha."

"Niliweka maganda. Nilidhani ni sawa na hewa. Si sawa."

Bwana aliupapasa ubavu kwa nje. Ulikuwa laini, mweusi, mzima kabisa. "Mimi sioni kitu."

"Kwa nje hakionekani," Nosim alisema kutoka chini ya ngazi. Bwana akamtazama, kama aliyesahau kwamba alimwita. "Tia mkono, Bwana. Mimi nilitia."

Akatia mkono. Akautoa, akauangalia unga. Bado alisita. Nosim alielewa kwa nini: mkewe alikuwa ameshafunga masanduku. Ndipo Thomasi akasema kuna njia ya kuona kwa macho, lakini watu wakae mbali. Akalivalisha tairi kwenye gurudumu pamoja na mpira wa ndani uliozibwa, akalilaza nyuma ya ukuta mfupi wa mawe uliozunguka tangi la maji, akaunganisha bomba la pampu, akakaa upande wa pili wa ukuta. Nasieku akaambiwa ampeleke mtoto ndani. Nosim na Bwana wakasimama mbali kiasi cha kuona tu.

Thomasi alipampu kidogo, akaacha. Tairi likanyooka, likapendeza. Bwana akafungua mdomo kusema. Thomasi akapampu tena, polepole zaidi. Pale ubavuni pakatokea kivimbe kama nundu ya ndama, kisha kingine, vikaongezeka kila pampu iliposhuka, na mpira ukawa mwembamba hapo, unang'aa. Nusu ya hewa ilikuwa bado haijaingia.

"Basi," Bwana alisema. "Toa. Toa hewa."

Hewa ikatoka kwa mluzi mrefu, na vivimbe vikarudi ndani kama havikuwahi kuwapo. Hilo ndilo lililomtisha Nosim kuliko vivimbe vyenyewe.

Bwana alikaa kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Aliuliza swali lile lile alilouliza Nosim, juu ya ng'ombe na treni, akapewa jibu lile lile. Akampigia mnyapara ukelele wa kufunga ng'ombe. Kisha akamgeukia Thomasi.

"Utaongoza wewe. Unaijua njia. Na tairi likija, tutazungumza ni nani atakayelivalisha. Sijui bado."

"Ndiyo, Bwana."

"Hilo likatwe. Sitaki mtu alione limesimama ghalani siku moja akasema, mbona ni zima."

"Nikate mimi," Nosim alisema. "Tangu asubuhi nimekuja na kisu na sijakitumia."

Alilikata kwenye kivuli cha ghala, akikimwagia kisu maji kisinate kwenye mpira, huku ng'ombe wakifungwa na masanduku ya Bibi yakipandishwa. Alikata kipande kwanza pale penye msumari. Thomasi, aliyekuwa anatafuta mijeledi yake ya zamani, alikuja akainama kutazama, hakuweza kujizuia. Tabaka za turubai zilikuwa zimeshikana, nyeupe, kavu, na mpira laini umejaza tundu kama mfupa uliounga. Akakata cha pili, ubavuni. Hakumaliza kukata, tabaka ziliachana zenyewe mkononi mwake, kama maganda ya kitunguu.

"Kwa hiyo msumari haukuliua," Nosim alisema.

"Ungeliua kama ungechoma huku. Pale ulipochoma, lingekwenda mwaka mwingine."

"Ungekaa Kikatiti ukamtuma mtu akuletee gundi."

"Ningekaa Kikatiti." Alisema bila uchungu mwingi, akivigeuza vile vipande viwili. "Ningelala chini ya motokaa, Bwana angenitukana asubuhi, na leo ningekuwa dereva. Naomba hivi viwili, Mama. Pale stesheni Moshi wako madereva wawili watakaokuwa wamesikia kwamba nilikuja na migomba. Habari itakuwa imeshafika. Nitawaonyesha kabla hawajajaribu."

"Chukua. Mimi nimebakiwa na vingi." Nosim alikinusa kile alichokishika. "Hiki ni cha mnyama gani?"

"Si mnyama. Ni utomvu wa mti. Huko Tanga wanaupanda mashamba na mashamba. Wanauchanja gome, unalia, wanaukusanya."

"Mti." Aliendelea kukunja kipande, kukikunjua. "Unalia maziwa au unalia maji?"

"Maziwa, alisema Mgoa. Mimi sikuuona."

"Ukiuona, utazame chini ya gome."

Walimwita. Gari likaondoka kabla jua halijafika utosini: Bibi chini ya turubai, mtoto usingizini, Nasieku juu ya magunia akiwa amenuna, maana alikuwa ameshawaambia wasichana wote wa Engutoto habari za motokaa. Mbele kabisa Thomasi alitembea kwa miguu, kamba ya ng'ombe wa kwanza mkononi. Wavunaji wa kahawa walimwona, wakaguna, mmoja akamwuliza kama amewalisha migomba hao ng'ombe. "Hao wanaijua kazi ya mgomba kuliko mimi," aliwajibu, akaendelea.

Nosim aliwasindikiza mpaka kivukoni. Gari lilishuka mawe ya Themi likigonga, magurudumu ya mbao yenye pete za chuma, na kila jiwe likamrusha Nasieku juu na kumshusha.

"Yeyo," alilalamika, akimkumbatia mtoto, "gari hili linavunja mifupa."

"Nasikia," mama alisema. "Jishike vizuri, mwanangu. Kaa hapo hapo."